Pampu ya kamba, visima vitatu na ndoo moja

Pampu yangu ya kwanza ya kamba niliifunga kwenye kisima cha nyumbani kwetu, upande wa Makambako mkoani Njombe, na ikafanya kazi vizuri siku ileile. Hilo ndilo lililoniponza. Mtu akifaulu mara ya kwanza hajui kwa nini amefaulu, na mimi nilidhani ni ufundi. Kumbe kisima chetu kilikuwa kifupi tu.

Kwa asiyeifahamu, pampu hii ni rahisi kuielewa ukifikiria mnyororo wa baiskeli. Kamba ya manila imeungwa ikawa duara moja refu. Upande mmoja inashuka kisimani ikiwa wazi, chini inapinda, halafu inapanda ndani ya bomba la plastiki hadi juu, inapita kwenye gurudumu na kushuka tena. Kila baada ya mita moja kuna pistoni, yaani kipande cha mpira cha duara kinachokaribia kujaza bomba, kimeshikwa kati ya mafundo mawili ya kamba. Kila pistoni inapanda na maji yaliyo juu yake. Mtindo huu ulipata umaarufu Nicaragua miaka ya 1980, na huku kwetu Njombe si jambo geni, mafundi wanaozitengeneza wapo. Mimi nilimlipa mmoja wao anionyeshe mara moja, baada ya hapo nikaendelea peke yangu.

Gurudumu ni tairi chakavu la gari, saizi 16. Unakata mashavu yote mawili, unatupa sehemu inayokanyaga barabara, kisha unayakutanisha mashavu kwa zile shingo ngumu zenye waya. Kingo zinapanuka nje, katikati panabaki mfereji wa umbo la V, na kamba inajibana humo yenyewe. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea ekseli na mpini kwa bomba la chuma na nondo. Chini kabisa, pale kamba inapopinda kuingia kwenye bomba, niliweka shingo ya chupa ya soda ndani ya kisanduku kidogo cha zege, kwa sababu kioo hakiliwi na kamba. Mdomo wa chini wa bomba niliupasha moto hadi ukalainika, nikausukumia kwenye mgongo wa chupa ukapanuka kama tarumbeta. Usipofanya hivyo pistoni zinagonga ukingo kila zinapoingia, na utasikia tak, tak, tak hadi zimelika upande mmoja.

Kazi inayokula muda ni pistoni. Nilichukua kipande cha bomba la chuma, nikanoa mdomo wake kwa tupa, nikawa napiga nyundo juu ya mpira wa tairi la pikipiki kama mtu anayekata maandazi. Ndala usijaribu. Zinakatika vizuri sana na zinapendeza, ila hazimalizi mwezi. Bomba nililotumia ni lile madukani wanaliita la inchi moja, kwa nje milimita 32, kwa ndani la kwangu lilikuwa na 28. Pistoni nilizipunguza kwa msasa hadi kama milimita 27 na nusu. Kipimo changu kilikuwa hiki: nashika kipande cha bomba kikavu wima, naidondosha pistoni. Ikipita yenyewe bila kusitasita, inafaa. Ikikwama, narudi kwenye msasa.

Kisima cha nyumbani kina mita 10, na kutoka usawa wa maji hadi mdomo wa kutolea ni mita 8. Nilizungusha mara 50 kwa dakika bila kuhema, ndoo ya lita 20 ikajaa kwa sekunde 36. Hiyo ni lita 33 kwa dakika. Majirani walikuja kuangalia. Na shemeji yangu, mke wa kaka, akaniambia, “Shemeji, na kwangu unifungie.”

Kisima cha shemeji kina mita 23. Nilimwahidi lita 20 kwa dakika, na zaidi kidogo.

Nilifunga pampu ileile kwa kila kitu: tairi la saizi ileile, bomba la inchi moja, pistoni nilizokata kwa chuma kilekile. Siku ya kufungua tukakusanyika. Nikazungusha. Mpini ulikuwa mzito kiasi kwamba nililazimika kusimama kwa miguu miwili kama mtu anayesukuma mkokoteni, na nilivyojitahidi sikufikisha zaidi ya mizunguko 27 kwa dakika. Ndoo ikajaa kwa sekunde 80. Lita 15. Halafu nilipoachia mpini ili nifute jasho, maji yaliyojaa bombani yalivuta kamba kinyumenyume, mpini ukarudi kwa kasi ukanipiga juu ya kiwiko. Alama ipo hadi leo. Nyumbani niliona kizuizi cha kurudi nyuma ni pambo tu, nikawa sikuweka. Kwenye mita 8 maji ya bombani ni kilo kama 5, mkono unaweza kuyazuia. Kwa shemeji, ambako kutoka usawa wa maji hadi mdomo ni mita 19, ni kilo 11 na ushei, na yakiachwa hayamwonei mtu huruma. Kesho yake nilichomelea kipande cha nondo chenye bawaba kinachoangukia kwenye mpini, na tangu hapo sijafunga pampu bila hicho.

Sasa nikaanza kutafuta mchawi. Mshukiwa wa kwanza alikuwa kuteleza kwa kamba. Kamba ikilowa na mzigo ukiwa mkubwa, gurudumu linaweza kuzunguka huku kamba ikisuasua. Jinsi ya kujua si ngumu. Mzunguko mmoja wa gurudumu langu unavuta mita 1.3 za kamba, na kamba ya pale kwa shemeji ilikuwa na mita 46.8 kwa ujumla, kwa hiyo alama moja ikipita juu inatakiwa irudi palepale baada ya mizunguko 36. Nilifunga uzi mwekundu kwenye fundo moja, nikahesabu. Ulirudi kwenye mzunguko wa 36, ukiwa umechelewa kama robo. Kuteleza hakukuwa tatizo.

Basi nikazigeukia pistoni, na hapo nikapoteza siku mbili. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 28 linabeba lita 0.6 kwa kila mita. Mizunguko 27 mara mita 1.3 ni mita 35 za kamba kwa dakika, mara 0.6 ni lita 21. Nimepata 15. Yaani zaidi ya robo ya maji imevuja na kurudi kisimani. Nyumbani hesabu ileile inaleta lita 39, nikapata 33, uvujaji ni chini ya sehemu moja ya sita. Nikasema, pistoni za shemeji nimezikata vibaya, zimekonda. Pia niliona ni jambo la akili ya kawaida kwamba maji ya mita 19 yanasukuma chini kwa nguvu kuliko ya mita 8, kwa hiyo lazima yavuje zaidi. Akili ya kawaida ilinidanganya vizuri tu.

Nikakata pistoni mpya, nene, zinazobana bomba kabisa. Zile ambazo mtihani wa kudondosha ungezikataa. Nikaingiza kamba, nikazungusha. Uvujaji ulipungua kweli, ungeweza kuona maji yakisimama bombani muda mrefu baada ya kufunga kizuizi. Lakini sasa sikuweza kufikisha mizunguko 20. Nilipata 18, na ndoo ikachukua sekunde 100. Pampu isiyovuja ilikuwa inatoa maji kidogo kuliko inayovuja! Mwanangu wa kiume alijaribu, akaacha baada ya nusu ndoo akasema ana kazi ya shule.

Aliyenifungua macho ni shemeji mwenyewe, na hakuwa na nia hiyo. Nilikuwa nimerudisha pistoni za zamani, yeye amechoka na majaribio yangu, anazungusha taratibu huku anaongea na jirani. Akaniuliza, “Mbona nikizungusha polepole hayatoki kabisa, na mkono unauma vilevile?” Nikasogea. Kweli, anazungusha, kamba inapanda, mdomo mkavu. Nikachukua simu nikawasha saa, nikamwomba aongeze mwendo kidogo kidogo. Kwenye mizunguko 8 kwa dakika maji yalianza kudondoka. Chini ya hapo, hakuna.

Nikaelewa kwamba hapo nimepima uvujaji bila ndoo. Ukizungusha kwa mwendo ambao maji yanafika mdomoni lakini hayatoki, basi kinachopanda ni sawa kabisa na kinachovuja. Mizunguko 8 ni mita 10.4 za kamba, mara 0.6, ni lita 6 na ushei kwa dakika. Na lita 6 ndiyo tofauti ileile ya 21 na 15. Nikapanda baiskeli nikarudi nyumbani kwenye mita 8, nikazungusha polepole vilevile. Maji yalianza kudondoka kwenye mizunguko 8.

Nilikaa kwenye ukingo wa kisima nikirudia hesabu. Nyumbani, 39 kutoa 33 ni 6. Kwa shemeji, 21 kutoa 15 ni 6. Nilikuwa nimetazama sehemu ya robo na sehemu ya sita, sikutazama lita zenyewe. Uvujaji haukuongezeka hata kidogo kwa kina.

Na ukifikiria, haukuwa na sababu ya kuongezeka. Pistoni ya chini kabisa haibebi mita 19 za maji. Inabeba mita moja tu, ile iliyopo kati yake na pistoni inayofuata juu. Mita ya pili inabebwa na pistoni ya pili, ya tatu na ya tatu, na uzito wote unaishia kwenye kamba. Ni kama watu 19 kwenye ngazi, kila mmoja kashika tofali lake. Msukumo unaopenyeza maji pembeni ya kila pistoni ni wa mita moja, kisima kiwe na mita 8 au 30. Ndiyo maana pia bomba jepesi la plastiki halipasuki.

Msuguano ndio unaojumlishwa. Kila pistoni inakwaruza bomba kivyake, na kwenye mita 19 zipo 19 na zaidi zinazokwaruza kwa pamoja. Kwa hiyo zile pistoni zangu za kubana zilitibu ugonjwa usioongezeka kwa kina kwa dawa ambayo sumu yake inaongezeka kwa kina.

Kilichobadilika kwa shemeji ni mwendo wa mkono tu. Nguvu ya mtu ni ileile. Zidisha lita kwa dakika na mita za kupandisha: nyumbani 33 mara 8 ni 264, kwa shemeji 15 mara 19 ni 285. Namba hizo zinakaribiana, na sioni ajabu, maana aliyezungusha ni mimi yuleyule. Mzigo ukiwa mzito mkono unapunguza mwendo, na mwendo ukipungua, zile lita 6 zinazovuja kila dakika zinakuwa fungu kubwa la kidogo kilichopanda.

Dawa ikawa dhahiri: mzigo upungue ili mwendo urudi. Nikanunua bomba la robo tatu, lenye upana wa ndani wa milimita 22. Hilo linabeba lita 0.38 kwa mita, kwa hiyo kwenye mita 19 mkono unabeba kilo 7 badala ya 11. Pistoni nikazikata upya kwa chuma chembamba zaidi, na nafasi ileile ya kupita pembeni. Nikazungusha mara 45 kwa dakika, nimesimama wima kama mtu mwenye heshima zake, ndoo ikajaa kwa sekunde 69. Lita 17 na nusu, kutoka bomba lililo dogo kuliko la kwanza. Jirani mmoja hakuamini. Alitaka nipime tena kwa ndoo yake.

Alikuwa na haki kuhusu ndoo. Ndoo za rangi tunazoziita za lita 20 hazilingani, na ukijaza hadi ukingoni unapata zaidi ya hizo. Yangu niliipima kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikachora mstari kwa msumari wa moto, na ndoo hiyo ndiyo niliyotembea nayo kwenye visima vyote. Saa siiwashi mpaka maji yametoka mfululizo, kwa sababu kujaza bomba tupu kunakula sekunde kadhaa ambazo si za ndoo. Napima ndoo tatu, nachukua ya katikati.

Kosa lingine la daftari langu lilikuwa safu niliyoiandika “kina”. Kwa shemeji nilikuwa nimejaza 23, kwa sababu ndivyo mchimbaji alivyomwambia. Lakini mita za chini zilizo ndani ya maji hazimlemei mtu, maji ya nje ya bomba yanayabeba ya ndani. Unayoyainua ni kutoka usawa wa maji hadi mdomo wa kutolea, basi. Kwa shemeji maji yalikuwa mita 18.2 chini ya ukingo, na mdomo uko sentimita 80 juu yake. Napima kwa uzi wenye kifuniko cha chupa kilichoning'inizwa mdomo chini na nati ndani yake. Kikigusa maji kinatoa mlio mdogo, plop, na kwenye kisima kimya unausikia hata mita 30.

Kisima cha tatu ndicho kilichonionyesha umuhimu wa hilo. Ni cha mzee mmoja wa kijiji cha jirani, kimetobolewa kwa mkono na kuvishwa bomba la inchi nne. Asubuhi uzi ulisoma mita 28 hadi mdomoni. Nilifunga bomba la nusu, ndani milimita 17, linalobeba kama lita 0.23 kwa mita. Ndoo ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili ikachelewa, ya tatu zaidi. Mzee akaniangalia. “Mwanangu, imeanza kuharibika leo leo?” Nilishusha uzi tena: mita 31. Bomba la inchi nne lina akiba ndogo, lita nane na kitu kwa kila mita, kwa hiyo ukivuta ndoo moja kabla maji mengine hayajaingia, usawa unashuka zaidi ya mita mbili. Kisima cha kuchimba chenye upana wa mita moja hakijali ndoo moja. Tulisubiri hadi usawa ukatulia huku tunavuta, ukakaa kwenye 31, na hapo ndoo ikachukua dakika 2 na sekunde 4. Chini kidogo ya lita 10 kwa dakika, kwa mizunguko 45. Mara 31, inakuja 300. Mkono uleule.

Siku hizi nikiitwa, swali langu la kwanza ni uzi unasoma mita ngapi baada ya kuvuta, halafu ndipo naenda dukani. Hadi mita 10 hivi naweka inchi moja. Kati ya hapo na 20, robo tatu. Zaidi ya hapo nusu, na zaidi ya 35 simfungii mtu pampu ya mkono mmoja, atanilaani. Na kila pampu naiandikia kwenye zege namba moja kwa msumari kabla haijakauka, namba ya mizunguko ambayo maji yanaanza kudondoka. Kwa bomba la inchi moja ni 8, la robo tatu inakuja kama 10, la nusu 12. Namba hiyo ikipanda, pistoni zimelika. Isipopanda, usiziguse.

Oktoba shemeji alinitumia ujumbe kwamba ndoo sasa inatumia sekunde 95 na pistoni zimekwisha, nilete nyingine. Nikamwambia azungushe polepole ahesabu. Akajibu: kumi. Nikamwambia ashushe uzi. Maji yalikuwa yameshuka, mita 21 na nusu hadi mdomoni, na yeye anazungusha mara 35 kwa sababu amechoka na kiangazi kama sisi wote. Nikapiga hesabu nikiwa njiani: lita 12.6, mara 21.5, inakuja 271. Nikageuza baiskeli.